Banda la kuku kilimani: matofali yanayozikwa na bati linalotoka nje

Kaka yangu anayeishi Unguja mjini alipiga simu akitaka kujua atume pesa ya matofali mangapi na bati ngapi kwa banda la kuku la mita 6 kwa 4. Hesabu alikuwa ameshaipiga mwenyewe, tena kwa uhakika. Ukuta mfupi wa kuzunguka, mita 20 kwa kimo cha safu tatu, matofali kumi kila mita mraba, basi 150 yanatosha. Sakafu ni mita mraba 24, bati moja la mita 3 ni karibu mita mraba mbili na nusu, basi bati 10. "Ongeza mbili za akiba," akasema, "zikibaki tutaezekea choo."

Tulimaliza banda kwa matofali 275 na bati 20, na wala hakuna kilichoibiwa. Hesabu ya kaka haikuwa ya kijinga. Ni hesabu ya mtu anayelitazama banda lililokwisha, likiwa kwenye kiwanja tambarare, na hapa kwetu Pemba, upande wa Mtambile, tambarare hatunayo. Huku ni vilima na mabonde, udongo mwekundu chini ya mikarafuu, na nyumba karibu zote zimekaa kwenye mteremko. Banda la kuku ndilo linalopewa sehemu mbaya zaidi, kwa sababu sehemu nzuri tumeshajenga au tumepanda muhogo.

Fundi alikuwa Ami, mdogo wake marehemu baba. Kabla ya kugusa jembe alitaka kujua jambo moja tu: kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, ardhi inashuka kiasi gani? Macho hayasemi kweli kwenye kilima. Tulichukua mpira wa maji, ule wa plastiki unaoonyesha ndani, tukaujaza maji bila kuacha mapovu, mimi nikashika ncha moja kwenye kigingi cha juu na yeye nyingine kwenye kigingi cha chini. Maji yalipotulia tukatia alama pande zote mbili, tukapima kutoka alama hadi ardhini. Tofauti ilikuwa sentimita 48 kwa urefu wa mita 6. Mimi ningeapa ni kama shubiri moja.

Pembe tulizipima kwa ulalo. Banda la mita 6 kwa 4 likiwa na pembe sawa, ulalo wake ni mita 7 na sentimita 21, na ulalo wa pili lazima uwe huo huo. Ukiona tofauti ya sentimita tano, sogeza vigingi sasa hivi, kwa sababu pembe iliyokosewa kwenye msingi utaiona tena siku ya kuezeka, pale bati la mwisho litakapotoka nje upande mmoja na kukosa kufika upande wa pili.

Mtu anayejenga kilimani ana njia mbili. Anaweza kuchimba upande wa juu na kusawazisha, akapata kiwanja tambarare kilichobanwa na ukingo wa udongo. Ni rahisi kwa jembe, lakini masika maji yote ya kilima yanashukia kwenye ukuta wako wa nyuma, na matandazo ya kuku yakishalowa kutoka chini hayakauki. Njia ya pili ni msingi wa ngazi: mtaro unashuka pamoja na ardhi, lakini kila kipande chake kiko sawa kama meza. Ami hakuniuliza ninataka ipi.

Tofali letu ni la inchi 6: urefu sentimita 45, kimo 22 na nusu, unene 15. Ukiongeza udongo wa kujengea, yaani saruji na mchanga, safu moja inapanda sentimita 24. Hapo ndipo Ami alipoipatia kazi ile tofauti ya 48: ni safu mbili kamili. Akaugawa urefu wa banda vipande vitatu vya mita 2, na kila ngazi ikashuka sentimita 24, si zaidi wala pungufu. Ngazi ikiwa sentimita 20 au 30, safu ya juu haikutani na ya pembeni yake, na utakuwa unapasua matofali kwa ubavu ili kuziba pengo. Ardhi ingeshuka 55, bado angechimba ngazi za 24 na kuongeza kina kidogo kuanzia upande wa juu.

Mtaro ulikuwa na upana wa sentimita 45. Kwa kuwa ardhi inateremka na kitako cha mtaro hakiteremki, kina kinabadilika njiani: kona ya juu ni 50, mwisho wa kipande cha kwanza kinabaki 34, kisha unaingia ngazi ya pili kinaruka hadi 58. Ile 34 ilinitia wasiwasi. Ami akapiga kitako cha mtaro kwa nondo iliyochongoka, ikaingia kidogo ikagoma. Kwa banda jepesi juu ya udongo mgumu, inatosha. Udongo ukiwa mweusi wa bondeni, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka, huo hautoshi, na usiweke banda hapo ukiwa na hiari.

Zege la msingi lilikuwa na unene wa sentimita 15, ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga na sita za kokoto. Lilikula mifuko 7. Mahali pa kuangalia ni penye ngazi. Zege la ngazi ya juu lazima liendelee juu ya lile la chini kwa nusu mita hivi na kushikana nalo bila upenyo. Likiishia pale pale kwenye ukingo, banda linakuwa na misingi mitatu inayojitegemea, na baada ya mvua moja kubwa utaona ufa wa kusimama ukipanda kutoka kwenye ngazi hadi juu ya ukuta. Ufa wa namna hiyo ukiuona kwenye banda la mtu, huna haja ya kuuliza umetoka wapi.

Sasa matofali. Sakafu tuliiweka sentimita 15 juu ya ardhi ya upande wa juu, maji yasiingie. Kwa hiyo kutoka kwenye zege hadi usawa wa sakafu, upande wa juu unahitaji safu mbili, katikati safu tatu, na upande wa chini safu nne. Mzunguko mzima wa banda, ukishatoa pembe zinazohesabiwa mara mbili, ni mita 19 na sentimita 40, na safu moja kamili ni matofali 43. Safu ya chini kabisa inazunguka ukuta wa chini na mita mbili mbili za pembeni tu: matofali 17. Ya pili inafika hadi katikati: 26. Ya tatu na ya nne zinazunguka zote: 43 na 43. Jumla ni 129, na hapo kuku hajapata hata ukuta wa kumzuia.

Ukuta wenyewe, ule unaoonekana, ni safu tatu juu ya sakafu. Kila safu inapoteza matofali mawili kwa ajili ya mlango wa sentimita 90, inabaki 41. Mara tatu ni 123. Yaani yaliyo chini ya sakafu yameyashinda yaliyo juu yake. Nilipomtumia kaka hesabu hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tunajenga banda au gati la Mkoani.

Kiwanja kingekuwa tambarare, chini ya sakafu pangekwenda 86. Mteremko wa nusu mita umetuongezea 43, sawa na safu nzima ya kuzunguka. Kipimo hiki nakitumia mpaka leo mtu akiniuliza: kila sentimita 24 za mteremko kwa urefu wa banda, ongeza nusu ya safu moja. Si hesabu ya mhandisi, lakini kwa banda la namna hii haikosei sana.

Jumla ilikuwa 252, tukanunua 275 kwa ajili ya yanayovunjika na yanayokatwa. Gari haikufika shambani. Matofali yalishushwa barabarani na kupandishwa kwa gari la ng'ombe, na tofali bovu linajulikana hapo hapo kwa sababu pembe zake zinabaki kwenye ubao wa gari. Mimi huwa nakwaruza kwa msumari kabla ya kulipa. Msumari ukichora mstari mwembamba, sawa. Ukichimba na mchanga ukamwagika, huyo mfyatuaji amevuta mfuko mmoja wa saruji kupita kiasi. Wetu alitoa 25 kwa mfuko. Wako wanaofika 40, na matofali hayo ndiyo yanayomomonyoka yakizikwa kwenye udongo wenye unyevu, yaani hasa pale ambapo sisi tumezika nusu ya mali yetu. Uliza pia mchanga umetoka wapi. Ule wa pwani una chumvi, na chumvi inavuta unyevu ukutani na kula chuma chochote kilichomo.

Kujaza ndani ndiko kulikonichosha kuliko kujenga. Upande wa juu kifusi ni kidogo, lakini upande wa chini sakafu imesimama sentimita 63 juu ya ardhi, na tundu lote hilo lazima lijae. Kwa wastani ni sentimita 30 kwa eneo la mita mraba 21, yaani zaidi ya mita za ujazo 6 zikishashindiliwa, na kifusi kikishashindiliwa hupungua, kwa hiyo agiza 8. Nilitaka kutumia ule udongo mwekundu uliotoka kwenye mtaro maana ulikuwa umerundikwa pale bure. Ami akakataa. "Udongo huu ukinywa maji, mwanangu, unasukuma. Ukuta wa inchi 6 haukujengwa kusukumwa." Tukaurudisha nje kwenye mtaro pande zote, tukaushindilia ili uukumbatie ukuta, na ndani tukajaza mawe na kifusi cha mawe, sentimita 15 kila tabaka, tukishindilia kabla ya kuweka jingine. Kwenye ukuta wa chini tuliacha vipande vitatu vya paipu karibu na ardhi, maji yatakayopenya ndani yapate pa kutokea. Juu yake likaja jamvi la zege la sentimita 7, limeinama kidogo kuelekea mlangoni.

Hapo nafasi ya ndani inatosha kuku mia moja wa mayai, kwa kukadiria watano kila mita mraba.

Nina shemeji Micheweni ambaye hesabu zake ni tofauti kabisa. Kule mashariki ni maweni, ukikwangua udongo kidogo unakutana na jiwe la matumbawe. Hakuchimba mtaro wowote. Alifagia jiwe, akaliosha, akalisawazisha kwa zege jembamba na kuanza kujenga. Matofali yake mengi yako juu, saruji yake ya msingi ni robo ya yangu, lakini kila shimo la nguzo alilipasua kwa nyundo na patasi, na hilo nisingebadilishana naye.

Nguzo zetu ni mbao za inchi 4 kwa 4, nne kila ubavu, kila mita 2, zimesimama juu ya ukuta. Kinachozishika ni nondo ya milimita 6 iliyopitishwa chini ya safu ya pili kutoka juu, ikapandishwa pande zote mbili za nguzo na kupigwa misumari iliyokunjwa. Banda la wavu halina uzito. Upepo ukiingia ubavuni unataka kutokea juu, na unabeba paa kwanza. Kwa kuifunga nondo chini ya safu mbili, upepo ukitaka bati lazima unyanyue na matofali.

Sasa zile bati 10 za kaka. Banda limelala mashariki kwa magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi na mbavu ndefu zibaki na kivuli. Mbavu hizo ni wavu kuanzia juu ya safu ya tatu, na mvua ya kusi haiji kwa kudondoka, inakuja imelala. Wavu hauizuii. Kinachoizuia ni paa kutoka nje ya ukuta, na kwenye banda la wazi natoa si chini ya sentimita 60. Kwa hiyo kipimo cha bati ni cha paa, wala si cha sakafu.

Paa ni la pande mbili, mgongo wake umepanda sentimita 73 katikati. Bati la mita 3 likianzia kwenye mgongo linavuka nusu ya banda, ambayo ni mita 2, na kinachobaki kinatoka nje sentimita 82 hivi ukipima kwa usawa. Hatukukata hata bati moja, wala hakuna bati lililoungwa kwa urefu, na maungio ya urefu ndiyo yanayovuja kwanza. Kwa upande wa pili, mita 6 za banda na sentimita 60 kila mwisho zinakuwa mita 7 na 20. Bati letu la mawimbi lina upana wa sentimita 83, lakini halizibi 83. Likimlalia mwenzake wimbi moja na nusu, linaziba 72 tu. Gawa 720 kwa 72: bati 10 kila upande wa paa, na pande ni mbili.

Kaka aligawa eneo la sakafu kwa eneo la bati. Alisahau mambo matatu yanayojumlishana, nayo ni bati linalotoka nje, mlalo wa paa na wimbi moja na nusu linalopotea kila ungio, na matatu hayo yamezaa mara mbili kamili. Ukienda dukani pima mwenyewe upana, kwa sababu bati hazifanani. Lenye migongo mipana linalaliana tofauti, na muuzaji akikwambia "hili linaziba mita" mwombe uyalaze mawili sakafuni uone.

Tulianza kuezeka mwisho wa magharibi tukielekea mashariki, kila bati jipya likipanda juu ya lililotangulia. Kusi inatoka kusini mashariki na kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo zote mbili zinaupita ungio badala ya kuuingia. Misumari ya bati yenye mpira ilipigwa juu ya wimbi, kamwe si kwenye bonde ambamo maji yanapita, na tuliweka papi nne kila upande. Kwa misumari 20 kila bati, jumla ni 400. Kwenye ukingo wa nje niliomba iwe karibu zaidi, kwa sababu bati linalotoka sentimita 80 ndilo linaloanza kupigapiga. Nilichukua geji 28. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na 32 karibu na bahari linapata kutu mapema. Mvuke wa mbolea ya kuku nao hulila kwa chini, jambo ambalo dukani halisemwi.

Mfereji wa kukinga maji ya kilima tuliuchimba mwishoni, mita moja juu ya ukuta wa mashariki, ukayapeleka maji pembeni. Hauna tofali wala saruji, na ndio unaozibwa kwanza na majani. Nausafisha kabla ya masika.

Baadaye kaka aliuliza ingekuwaje kama tungeamua mbuzi badala ya kuku, kiwanja kile kile. Ingekuwa nafuu zaidi kwa matofali, na mteremko ungetusaidia. Mbuzi anataka sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya fito, samadi idondoke chini na kukwanguliwa. Haijazwi kifusi wala haimwagwi jamvi. Unasimamisha nguzo 12 za matofali, nne kwa urefu na tatu kwa upana, kila safu ya nguzo ikiwa na matofali mawili yaliyolala ubavu kwa ubavu, na kila safu ikivuka ya chini yake. Sakafu ikiwa sentimita 60 juu ya ardhi ya upande wa juu, mstari wa kwanza wa nguzo unakwenda safu nne, wa pili tano, wa tatu na wa nne sita sita. Hizo ni safu 21 mara nguzo tatu mara matofali mawili, 126 kwa jumla, nusu kamili ya 252 za kuku, kwa mbuzi wakubwa 15 hivi. Bati zinabaki 20 zile zile. Kinachopanda ni mbao, na mbao za sakafu ya mbuzi zinalowa mkojo kila siku, kwa hiyo pesa iliyookolewa kwenye matofali aitenge kwa kubadilisha fito.